Picha Iliyopotea Katikati ya Mazungumzo: Kidonda cha Mguu Kinapokosa Kumbukumbu

Katika zahanati na vituo vya afya vya Nyanda za Juu Kusini, simu ya mkononi imekuwa sehemu ya vitendea kazi. Tabibu aliyeko kijijini hupiga picha ya kidonda, ya upele au ya filamu ya eksirei, akaituma kwa mwenzake aliyeko mjini, na baada ya muda mfupi hupata ushauri. Safari ya zaidi ya kilomita 300 kutoka Iringa kupitia Mafinga na Makambako hadi Mbeya huepukwa, na mgonjwa huanza tiba siku ileile. Ugumu hujitokeza baadaye. Mgonjwa anaporudi, swali linaloulizwa mara nyingi huhusu picha ya mwanzo, nayo huenda haipo tena ingawa maneno yote yaliyoandikwa kuihusu bado yanasomeka.

Kisa kifuatacho ni mfano uliotungwa kwa ajili ya kufundishia. Wahusika wake si watu halisi, lakini kila hatua iliyomo yaweza kutokea katika simu ya msomaji yeyote.

Picha moja, simu tatu

Mama mwenye umri wa miaka 58, mkulima wa viazi katika Wilaya ya Kilolo, aliishi na kisukari kwa miaka kadhaa. Alifika zahanati akiwa na kidonda chini ya mguu wa kulia, karibu na kidole gumba. Hakusikia maumivu. Alikigundua kidonda hicho alipoona damu ndani ya kiatu. Tabibu alikisafisha, akaweka rula ya karatasi kando yake, akapiga picha na kuituma katika kundi sogozi la WhatsApp lenye watu watatu: yeye mwenyewe, muuguzi wa kliniki ya kisukari mjini Iringa, na daktari wa upasuaji aliyeko Mbeya. Chini ya picha aliandika: “Shikamoo daktari. Kidonda cha unyayo, kina majimaji kidogo, hana homa. Naomba ushauri. Picha hiyo hapo.”

Daktari aliitikia, akaitazama picha, akaeleza la kufanya: kuondoa ngozi ngumu na nyama iliyokufa, kusafisha kwa maji ya chumvi na kubadili gozi kila siku, kumzuia mgonjwa asikanyagie sehemu ile, kudhibiti sukari, na kuleta taarifa baada ya wiki 4. Aliongeza kwamba mgonjwa akipata homa, wekundu ukipanda mguuni, kidole kikigeuka cheusi au mfupa ukionekana, asisubiri hata siku moja.

Wiki 4 zikapita. Katika muda huo kundi lilijaa mazungumzo ya wagonjwa wengine, taarifa za vikao na maswali ya dawa. Mama alirudi, tabibu akapiga picha mpya na kuituma. Daktari akauliza: “Ukilinganisha na picha ya siku ya kwanza, kimepungua kwa kiasi gani?”

Tabibu alipandisha mazungumzo hadi siku ile. Maneno yake yalikuwepo, na ushauri wa daktari ulikuwepo, lakini mahali pa picha palikuwa na kivuli chenye ukungu. Alipokigusa, simu ilimjulisha kwamba faili halipo. Daktari naye alitafuta upande wake, akakuta hali ileile. Muuguzi wa Iringa aliona alama ya mshale wa kupakua, akaugusa, akaelezwa kwamba picha haipatikani tena na kwamba amwombe aliyeituma airudie. Picha moja ilikuwa imepotea katika simu tatu, kila moja kwa sababu yake.

Maneno na picha havikai pamoja

Anayeyasoma mazungumzo huona kitu kimoja: maneno, kisha picha, kisha maneno tena, kama kurasa za daftari. Ndani ya simu mpangilio ni tofauti. Katika simu za Android, maneno yote ya WhatsApp huandikwa katika faili moja la kumbukumbu. Picha huhifadhiwa mahali pengine, kila moja ikiwa faili linalojitegemea. Katika simu nyingi za sasa mahali hapo ni:

```
Android/media/com.whatsapp/WhatsApp/Media/WhatsApp Images
```

Katika mazungumzo hubaki kiungo kinachoelekeza kwenye faili hilo, pamoja na nakala ndogo sana yenye ukungu ya kuonyesha kwamba hapa pana picha. Faili likiondoka, kiungo hakiondoki. Maneno yanabaki yakizungumzia kitu ambacho hakipo.

Simu ya tabibu ilikuwa imelowa mvua wiki ya pili, akanunua nyingine. Fundi alifanikiwa kumtolea faili la kumbukumbu ambalo programu hujiwekea ndani ya simu kila usiku, na mazungumzo yote yakarudi. Tabibu alifurahi, akadhani kila kitu kimerudi. Lakini nakala hiyo ya ndani hubeba maneno tu. Picha zilibaki katika simu iliyoharibika. Zingerudi iwapo angekuwa amewasha uhifadhi wa nakala katika akaunti yake ya Google, ambao hubeba picha pia, lakini uhifadhi huo hutumia kifurushi cha intaneti na hujaza nafasi ya bure ya akaunti, kwa hiyo wengi huuacha bila kuuwasha.

Simu ya daktari haikuharibika. Ilijaa. Mtu anayepokea picha na video kutoka makundi mengi hufika siku ambayo simu inagoma kupiga picha nyingine. Daktari alifungua albamu ya picha ya simu yake, akachagua mafaili ya zamani na kuyafuta kwa pamoja. Picha ya kidonda ilikuwa miongoni mwake, na haikuwa na jina wala alama yoyote ya kuitofautisha na picha za harusi.

Muuguzi wa Iringa hakufuta chochote, kwa kuwa hakuwahi kuwa nayo. Ili kubana matumizi ya kifurushi, alikuwa amezima upakuaji wa picha wa moja kwa moja. Siku picha ilipotumwa alisoma maneno, akaona daktari ameshajibu, akaendelea na kazi. Picha ilikuwa bado katika seva, ikiwa imefungwa kwa usimbaji. Seva hizo ni mahali pa kupitishia ujumbe, si ghala la kudumu. Faili hukaa humo kwa muda mfupi, kisha huondolewa. Muuguzi alipogusa mshale baada ya wiki 4, muda ulikuwa umepita.

Katika yote haya hakuna hitilafu ya mtambo. Kila simu ilifanya kazi kama ilivyoundwa. Kosa lilikuwa dhana ya watu watatu, kila mmoja akiamini kwamba picha ipo kwa sababu anakumbuka kuiona, au kwa sababu wenzake lazima watakuwa nayo.

Kwa nini swali la daktari lilihitaji picha

Tabibu alijibu kwa uaminifu: “Kwa macho yangu, daktari, kimepungua.” Picha mpya ilimuunga mkono. Kidonda kilikuwa chekundu, safi, bila harufu. Mtu yeyote angesema kinapona.

Lakini katika kidonda cha mguu cha kisukari, kupungua peke yake hakutoshi. Utafiti wa wagonjwa 203 uliochapishwa mwaka 2003 ulipima vidonda hivi mwanzoni na baada ya wiki 4, kisha ukafuatilia hadi wiki 12. Kiwango cha kati cha kupungua katika wiki 4 kilikuwa asilimia 53. Miongoni mwa wale ambao vidonda vyao vilipungua zaidi ya hapo, asilimia 58 walikuwa wamepona kabisa ilipofika wiki ya 12. Miongoni mwa wale waliopungukiwa chini ya hapo, waliopona walikuwa asilimia 9 tu. Ndiyo maana wataalamu wengi hutumia nusu kama mpaka: kidonda ambacho hakijapungua kwa nusu ya eneo lake baada ya wiki 4 za tiba nzuri kinahitaji kuangaliwa upya. Huenda damu haifiki vizuri mguuni, huenda maambukizi yameingia kwenye mfupa, au huenda mgonjwa bado anakikanyagia.

Mpaka huo hauwezi kutumika bila kipimo cha mwanzo. Jicho huona rangi na usafi vizuri, lakini halikumbuki ukubwa. Aidha, kidonda kikisafishwa na uvimbe wa kando ukitulia, mguu wote huonekana una nafuu hata kama shimo lenyewe limebadilika kidogo. Picha mpya peke yake humwambia daktari hali ya leo. Haiwezi kumwambia mwendo.

Katika ujumbe wa kwanza wa tabibu hakukuwa na urefu wala upana. Hakuuandika kwa kuwa rula ilionekana katika picha. Picha ilikuwa imepewa kazi ya kusema kila kitu, na ilipoondoka iliondoka na kila kitu.

Daktari alichukua uamuzi ulio salama: kidonda kisichojulikana kama kimepungua vya kutosha kitahesabiwa kuwa hakijapungua vya kutosha. Aliagiza mama apelekwe hospitali ya rufaa mjini Iringa akapimwe mapigo ya damu ya mguu na kupigwa eksirei. Mama alisita. Nauli ilikuwa mzigo, shamba lilikuwa linamsubiri, na kila aliyekiona kidonda alimwambia kinapona.

Nakala iliyosalimika

Aliyemaliza ubishi alikuwa binti wa mgonjwa. Siku ya kwanza, kabla ya kuondoka zahanati, alikuwa ameomba picha ile ili amwonyeshe kaka yake aliyeko Mafinga, naye tabibu akamtumia. Simu yake ilikuwa bado ile ile, na alikuwa hajafuta kitu. Picha ilifunguka ikiwa safi, na rula ikasomeka.

Siku ya kwanza kidonda kilikuwa na urefu wa sentimita 4.0 na upana wa sentimita 3.0. Ukizidisha, eneo ni sentimita za mraba 12. Siku ya kurudi kilikuwa sentimita 3.2 kwa 2.5, yaani sentimita za mraba 8. Kimepungua kwa 4 kati ya 12, ambayo ni theluthi moja, takribani asilimia 33. Ili kufikia nusu, kilipaswa kuwa kimeshuka hadi sentimita za mraba 6. Kidonda hakina umbo la mstatili, kwa hiyo hesabu hii huzidisha eneo halisi, lakini kwa kulinganisha inatosha mradi njia ileile itumike mara zote mbili.

Hivyo tabibu alikuwa sahihi kwamba kimepungua, na daktari alikuwa sahihi kwamba hakijapungua vya kutosha. Mama aliposikia hesabu hiyo kwa namba, akionyeshwa picha mbili kando kwa kando, alikubali safari. Eksirei ilionyesha dalili za maambukizi kwenye mfupa wa kidole gumba, jambo ambalo gozi na maji ya chumvi visingeweza kuliponya.

Kutambua kwamba picha haipo

Picha iliyoondoka hudanganya, kwa sababu nakala ndogo yenye ukungu hubaki mahali pake. Mtu akiyapitia mazungumzo kwa haraka huona umbo la mguu na doa jekundu, akaridhika kwamba picha ipo. Vivyo hivyo, mtu akijibu kwa kunukuu ujumbe wenye picha, ndani ya nukuu huonekana kipande kidogo cha picha hiyo hata kama faili lenyewe limeshafutwa. Vivuli hivyo visitumike kamwe kupimia wala kutolea uamuzi.

Njia ya kuhakikisha ni moja: gusa picha, ifunguke ikijaza kioo, kisha ivute kwa vidole viwili uone kama namba za rula zinasomeka. Isipofunguka, haipo katika simu hiyo. Kabla ya kukata tamaa, aliyeituma aangalie kwanza katika albamu ya kamera, kwa kuwa picha iliyopigwa kwa kamera ya kawaida huwa na nakala yake huko, mbali na ile iliyotumwa. Iliyopigwa kwa kufungua kamera ndani ya WhatsApp huenda isiwe na nakala hiyo ya pili. Kisha waulizwe wengine wote waliokuwa katika mazungumzo, mmoja mmoja, kwani kila simu ni ghala lake lenyewe.

Maneno yabebe picha

Kinga bora haihitaji simu ya gharama. Kwa kuwa maneno hudumu kuliko picha, kila picha ya kidonda iambatane na maelezo yanayoweza kusimama bila hiyo. Kwa mama yule, ujumbe wa kwanza ungesomeka hivi: “Mguu wa kulia, unyayo, chini ya kidole gumba. Urefu sentimita 4.0, upana 3.0, kina milimita 5. Nyama nyekundu, robo ina utando wa njano. Majimaji kidogo, hakuna harufu. Wekundu hauzidi kingo.” Maneno hayo huandikwa kwa muda usiozidi dakika mbili. Yakinakiliwa pia katika faili la mgonjwa na katika kadi yake ya kliniki, swali la wiki ya 4 lina jibu hata kama simu zote tatu zimeibwa.

Anayetoa ushauri naye ana wajibu. Akijibu, ataje alichokiona: “Naona kidonda cha sentimita 4 kwa 3.” Kauli hiyo humsaidia tabibu kugundua kama daktari ameiona picha vibaya, na baadaye hubaki kama shahidi wa pili.

Njia ya zamani ya kuchora kidonda nayo bado ina thamani. Vipande viwili vya nailoni safi inayopitisha mwanga huwekwa juu ya kidonda kimoja juu ya kingine, na kingo hufuatishwa kwa kalamu ya wino mzito. Kipande kilichogusa kidonda hutupwa pamoja na taka za hospitali. Cha juu huandikwa tarehe na kuwekwa ndani ya faili. Wiki 4 baadaye mchoro mpya huwekwa juu ya ule wa zamani, na tofauti huonekana hata kwa mgonjwa asiyejua kusoma.

Siku ya kufuatilia, anayeuliza swali alete picha zote mbili, ya zamani na mpya, katika ujumbe mmoja. Maneno “ile picha ya mwanzo” yasitumike peke yake. Yanamtaka msomaji atafute kitu ambacho pengine hakipo, na aliyechoka atajibu kwa kukumbuka badala ya kuangalia.

Kuhifadhi bila kuvunja siri

Kutunza picha hakumaanishi kuziacha zizagae. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Tanzania mwaka 2023, inahesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti. Mgonjwa aelezwe kwamba picha itapigwa, itatumwa kwa nani na kwa sababu gani, naye akubali kabla ya kamera kufunguliwa. Uso usionekane. Badala ya jina, karatasi ndogo kando ya kidonda ibebe namba ya faili na tarehe. Namba hiyo ina faida ya pili: humzuia daktari anayesafisha simu yake asiichanganye picha hiyo na picha za harusi.

Picha ikishahamishiwa katika kumbukumbu za kituo, na vipimo vikishaandikwa katika faili, hakuna sababu ya kuendelea kukaa katika simu binafsi ya mtumishi. Hapo kuifuta ni jambo jema.

Mgonjwa naye ana nafasi yake. Picha ya mguu wake ni yake, na anaweza kuomba nakala kama alivyofanya binti wa Kilolo. Asiye na simu aombe vipimo viandikwe katika kadi yake kila anapofungwa kidonda: tarehe, urefu, upana. Atakapofika Iringa au Mbeya mbele ya daktari asiyemfahamu, safu hiyo ya namba itaeleza mwendo wa kidonda chake.